Mwezi wa tatu mshahara ulikuja wote, wa nne ukaja nusu: hii advansi ya kwenye apu inakatwaje?

SWALI

Shikamoo anti. Mi ni keshia kwenye dipo moja la vinywaji hapa Kigoma, nakaa Gungu na wanangu wawili. Mshahara wangu ni laki sita, mkononi huwa napata 516,000. Mwaka huu ofisi wametuletea apu ya kuchukua advansi, unaomba kwenye simu na hela inaingia hapo hapo. Tarehe 24 mwezi wa tatu mtoto aliumwa nikachukua 150,000. Mwisho wa mwezi mshahara ukaingia wote, 516,000, hawajakata hata shilingi, nikajua labda watakata kidogo kidogo. Tarehe 12 mwezi wa nne nikachukua tena 100,000. Sasa mshahara wa mwezi wa nne umeingia 256,000! Kwenye slipu wameandika SALARY ADV 260,000 wakati mi nimechukua 250,000, alafu kodi wamekata ile ile 24,000 kama vile nimepata hela yote. Anti nimeibiwa au? Na mwezi huu naishije?

JIBU

Marahaba mdogo wangu, pole na mtoto, natumaini sa hivi anacheza. Hujaibiwa. Elfu kumi ni ada ya ile apu na kodi yako iko sawa kabisa, nitakuonyesha. Kilichokuumiza ni tarehe 24, na hicho nakwambia baada ya kukaa kwenye dawati la mishahara miaka 11, tena nusu yake hapa hapa mwisho wa reli. Watu wengi waliokuwa wananijia wamenuna walikuwa wameumizwa na tarehe, wala hela yao haikuwa imepotea.

Iko hivi. Mshahara unaingia tarehe 30 lakini hautengenezwi tarehe 30. Mhasibu anafunga peroli siku kadhaa kabla, wengine tarehe 18, wengine 20, wengine 22, na matawi ya huku kwetu mara nyingi yanafungiwa mapema zaidi kwa sababu karatasi zote lazima ziende makao makuu Dar au Mwanza zikakaguliwe, bosi asaini, ndo benki wapewe orodha. Siku ya kufunga, wenye apu wanamtumia mhasibu listi: fulani kachukua kiasi hiki, fulani kiasi kile, ada yake hii, kata. Mhasibu anaingiza kwenye makato, anafunga. Ukichukua advansi baada ya hapo jina lako halipo kwenye ile listi, linasubiri listi ya mwezi unaofuata.

Tuchukulie kwenu wanafunga tarehe 20, kwa jinsi ulivyoeleza ni hapo hapo au karibu na hapo. We ulichukua 150,000 tarehe 24, listi ilishaenda siku nne nyuma, kwaiyo mshahara wa mwezi wa tatu ukaja mzima. Hawakukusamehe wala hawakupanga kukata kidogo kidogo, walikuwa hawajakufikia tu. Alafu tarehe 12 mwezi wa nne ukachukua 100,000, hiyo ikawahi listi ya tarehe 20 mwezi wa nne. Ile ya nyuma nayo ilikuwa imekaa pale pale inasubiri. Zote mbili zikaingia kwenye listi moja, zikakatwa kwenye mshahara mmoja. Ndo maana ukaona kama umepigwa rungu.

Sasa usitazame mwezi wa nne peke yake, tazama hela iliyopita mkononi mwako miezi yote miwili. Mwezi wa tatu ulipata 150,000 ya apu na 516,000 ya mshahara, jumla 666,000. Hapo ulikuwa tajiri mdogo wangu ila hukujua! Mwezi wa nne ulipata 100,000 ya apu na 256,000 ya mshahara, jumla 356,000. Jumlisha miezi miwili inakuja 1,022,000. Kama usingegusa apu kabisa ungepata 516,000 mara mbili, yani 1,032,000. Tofauti ni elfu kumi, na hiyo elfu kumi ndo ada, basi. Hakuna hela nyingine iliyopotea.

Mi nina kaka yangu anavua dagaa Kibirizi. Mbalamwezi ikiwa kali hawaendi ziwani kwa sababu taa zao hazivuti dagaa, kwaiyo zile siku anakopa kwa mama anayemnunulia mzigo. Giza likirudi anaenda kuvua, anarudi na ndoo zake, anamkabidhi yule mama, anatoka pwani mikono mitupu. Mtu asiyejua akimuona atasema huyu kafanya kazi ya bure, kumbe dagaa wa leo alishawala wiki mbili zilizopita. Na we advansi yako ni hivyo hivyo, mwezi unaofuata haupunguzwi kama adhabu, unakuja umepungua kwa sababu kipande chake kilishatoka.

Kuna kitu kimoja hapo ambacho mi nawalaumu waliowawekea hiyo apu. Apu nyingi zinakuruhusu kuchukua mpaka nusu ya ulichokwisha kukifanyia kazi mwezi huo. Tarehe 12 mwezi wa nne ulikuwa umefanya siku 12 kati ya 30, ukigawanya 516,000 kwa 30 ukazidisha kwa 12 unapata 206,400, nusu yake 103,200. Ndo maana ikakukubalia laki moja bila kelele. Lakini hapo ilitakiwa ikumbuke kwamba una 156,000 ya mwezi wa tatu haijakatwa, itoe hiyo kwanza, na ingetoa ingekwambia huna kitu cha kuchukua leo. Yenu inaonekana inahesabu siku za mwezi huu tu, deni la nyuma haliangalii. Mwambie mtu wa utumishi awaulize wenye apu hilo swali, kwa sababu kama limekukuta we limeshawakuta na wenzio, na kuna mwingine atachukua tarehe 26 na tarehe 15 na siku ya mshahara atapewa nauli tu.

Haya, kodi. Hii ndo inawachanganya wengi. Advansi sio punguzo la mshahara, mshahara wako wa mwezi wa nne bado ni 600,000, ulifanya kazi mwezi mzima. Kodi inapigwa kwenye huo mshahara mzima, alafu advansi inatolewa mwishoni kabisa, baada ya kodi. Nakuandikia slipu yako inavyotakiwa kuonekana, linganisha na ya kwako:

```
BASIC SALARY      600,000
NSSF 10%           60,000
PAYE               24,000
SALARY ADV        260,000
NET PAY           256,000
```

Hiyo 24,000 inapatikana hivi. Toa kwanza NSSF yako, 60,000, inabaki 540,000, hiyo ndo inayotozwa kodi. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kuanzia hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, na hizo ni laki mbili na nusu kwaiyo kodi yake ni 20,000. Zinabaki 20,000 zilizozidi 520,000, hizo ni asilimia 20, yani 4,000. Jumla 24,000. Ni ile ile ya mwezi wa tatu na ya mwezi wa pili na ndivyo inavyotakiwa. Ile 150,000 ulipoipokea kwenye simu tarehe 24 haikukatwa kodi pale, si ndiyo? Kodi yake imelipwa humu humu kwenye mshahara, mara moja tu.

Na usitamani ingekuwa vingine. Nilishakuta ofisi moja, siitaji, mhasibu mgeni alikuwa anatoa advansi huku juu, anaipunguza kwenye mshahara wa msingi kabla ya makato mengine. Vijana wakafurahi kweli, kodi imeshuka! Wangekufanyia we hivyo ungeona msingi 340,000, NSSF 34,000 na kodi 2,880 tu, ungecheka. Lakini angalia NSSF. Badala ya 60,000 yako imeenda 34,000, na mwajiri naye badala ya kukuongezea 60,000 yake anakuongezea 34,000, kwaiyo mwezi huo kwenye akiba yako zimekosekana 52,000, na hujui mpaka siku unaenda kuomba taarifa ya michango. Alafu na TRA nao hawajalipwa kodi yao, siku wakija kukagua ofisi vurugu tupu. Kwaiyo kila mwezi unaokatwa advansi, macho yako yaende kwanza kwenye BASIC SALARY na NSSF. Zikiwa pale pale kama siku zote, hesabu imefanywa vizuri hata kama mwisho wake unauma.

Nije kwenye elfu kumi. Ada yenu ni asilimia 4 kwa jinsi namba zinavyosema, 6,000 kwenye ile 150,000 na 4,000 kwenye laki moja, na wao wameijumlisha na deni wakaandika mstari mmoja, 260,000. Ofisi zingine slipu inakuwa na mistari miwili, advansi peke yake na ada peke yake, ni safi zaidi, unaweza kuomba na kwenu wafanye hivyo maana kwenye mfumo ni kuongeza jina la kato tu. Na kuna apu zinachukua ada mwanzoni, unaomba 150,000 inaingia 144,000, alafu mwisho wa mwezi unakatwa 150,000 kamili. Hiyo inawadanganya watu wanaona hakuna ada. Fungua meseji ya siku ile ya tarehe 24 uangalie ziliingia ngapi hasa. Kama ziliingia 144,000 na bado wakakata 156,000, hapo sasa umetozwa mara mbili na una haki ya kupiga kelele.

Kingine kuhusu hiyo ada, haijali siku. Ile ya mwezi wa tatu umekaa nayo siku 37 mpaka mshahara wa tarehe 30, ile ya pili umekaa nayo siku 18, asilimia ni ile ile. Hata ukichukua laki tarehe 19 ikakatwa kwenye mshahara wa tarehe 30 bado utalipa 4,000, kwa siku 11 tu! Kwaiyo kuchukua kwa ajili ya siku chache za kungoja mshahara ndo ghali kuliko zote, labda kama ni hospitali, hapo sikulaumu, mtoto kwanza.

Na sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 27, inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi sehemu ya mshahara kabla ya siku yake, na inasema malipo hayo sio mkopo na hayana riba. Ndo maana kwenye apu hutaona neno riba, utaona ada ya huduma, na anayeidai ni kampuni ya apu ambayo ndo imetoa hela yake kwanza. Kwaiyo usiende kumwambia bosi kavunja sheria, utagombana bure. Ila unaweza kumuuliza kwa heshima mambo mawili, kwanza kama ile advansi ya zamani ya kuandika barua kwa mhasibu bado ipo, maana hiyo ni hela ya mwajiri mwenyewe na haina ada, na pili kama kampuni inaweza kubeba ada angalau kwa mtu aliyechukua kwa ajili ya matibabu. Wapo waajiri wanaobeba ada yote wao. Nilipokuwa kazini tulikuwa tunatoa za barua, ila tatizo lake lazima ueleze shida yako kwa watu watatu, na watu wanapenda apu kwa sababu haikuulizi kitu.

Jinsi ya kuhakiki. Una vitu vitatu, historia ya kwenye apu, slipu, na meseji ya benki. Kwenye apu jumlisha ulichochukua na ada zake, ikupe 260,000. Kwenye slipu utafute hiyo 260,000 upande wa makato, jina linaweza kuwa SALARY ADV au ADV RECOVERY au hata jina la kampuni yenyewe ya apu, usitishike na jina. Alafu NET PAY ya slipu ifanane na hela iliyoingia benki mpaka shilingi ya mwisho. Kwako ni 256,000 na 256,000, vizuri. Kama slipu yako ingesema 516,000 na benki zikaingia 256,000, ingemaanisha wanakata benki na sio ofisini, hiyo nayo ipo, baadhi ya apu zinachota kwenye akaunti mshahara ukigusa tu. Kinachoogopesha ni vyote viwili kwa pamoja, ofisi imekata kwenye slipu, alafu siku mbili baadae na akaunti inachotwa. Hiyo hutokea ofisi ikichelewa kuwapelekea wenye apu hela waliyokukata, mfumo wao unaona hujalipa, unakufuata mwenyewe. Kwaiyo wiki hii ya kwanza fungua apu, zile advansi mbili ziwe zimebadilika zinasomeka zimelipwa. Zikiwa bado zinasomeka unadaiwa, piga picha ya hapo, piga picha ya slipu, mpelekee mhasibu siku hiyo hiyo, usisubiri mwezi uishe. Slipu ni haki yako, kifungu hicho hicho cha 27 kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi ya ulicholipwa na ulichokatwa, kwaiyo asikwambie eti mfumo hautoi.

Na kuna hii ya kuomba hela mtandao ukagoma, wa huku mnaujua, mvua ikinyesha tu laini zinalala. Unabonyeza omba, inazunguka, hakuna kitu, unabonyeza tena. Moja inaingia, nyingine haijaingia lakini kwenye apu zimeandikwa mbili. Ikikutokea angalia kila ombi lina namba yake ya muamala, isiyo na meseji ya kupokea hela ndo ya kulalamikia, na ilalamikie kabla ya siku ya kufunga, kwa sababu ikishaingia kwenye listi utarudishiwa mwezi unaokuja.

Sasa unaishije mwezi wa tano na 256,000. Najua apu inakuita, maana siku zinavyosogea ile namba ya kuchukua inapanda na inakuonyesha kwa rangi nzuri. Nakwambia ukweli, kwa mshahara ulioukuta huwezi kuacha ghafla, umezoea kuishi na laki tano na kitu na una watoto wawili. Ukiacha kabisa utaishia kwa wale wa kukopesha na dhamana ya kadi ya benki na hao ni balaa kuliko apu. Shuka ngazi. Ila kila unapochukua chukua kabla ya tarehe ya kufunga, ili mwezi ule ule ulioichukua ndo ikatwe, zisibebane tena.

Mfano mwezi wa tano una 256,000, banana nayo mpaka tarehe 19, alafu chukua 150,000. Kwa siku 19 apu itakuruhusu kama 158,000 kwaiyo ipo. Umeishi na 406,000, sio 516,000, kuna vitu utakata, labda mgebuka utakuwa wa Jumapili na siku nyingine dagaa, mawese na mihogo, hatujafa. Tarehe 30 unakatwa 156,000, zinaingia 360,000. Mwezi wa sita ongeza 90,000 tu, umeishi na 450,000. Wanakata 93,600, zinaingia 422,400. Mwezi wa saba ongeza 40,000 tu, wanakata 41,600, zinaingia 474,400. Mwezi wa nane usiguse, ishi na hiyo hiyo, na mwisho wa mwezi wa nane inaingia 516,000 yako yote. Ada zote ulizolipa kwenye safari hiyo ni 11,200. Sasa linganisha na mtu anayechukua laki mbili kila mwezi kuanzia wa tano mpaka wa kumi na mbili kwa sababu kila mwezi mshahara unakuja pungufu kwaiyo anachukua tena kuziba, analipa 8,000 mara nane, 64,000, na mwezi wa kumi na mbili bado yuko pale pale alipokuwa mwezi wa tano. Hela hiyo hakununua nayo chochote, amenunua tu uhuru wa kupata mshahara wake mwenyewe wiki mbili mapema.

Kama uko kwenye kikoba hapo Gungu na zamu yako ya kupokea inakaribia, basi ngazi zinaweza kuwa fupi zaidi, ila usikope kikoba kulipia apu kama riba yake inazidi hiyo asilimia 4, piga hesabu kwanza.

Na kama una mpango wa kuacha kazi hapo, maliza kwanza. Advansi ambayo haijakatwa inatolewa kwenye malipo yako ya mwisho kwa mkupuo, maana siku ile ya kujisajili uliweka tiki kwenye maelezo marefu ambayo hukuyasoma, hakuna anayeyasoma, na humo ndimo ulikubali wakate.

Kitu cha kwanza cha kufanya kesho asubuhi ni kumtumia mhasibu wenu meseji, usimpigie, andika ili jibu libaki kwenye simu: "Habari za kazi kaka, naomba kujua peroli yetu inafungwa tarehe ngapi kila mwezi na advansi ya kwenye apu iliyochukuliwa baada ya hapo inakatwa mwezi gani. Pia naomba ada iandikwe mstari wake kwenye slipu." Akikujibu tarehe nyingine tofauti na 20 nirudie, ile ya tarehe 19 mwezi wa tano tutaisogeza. Na kama utanitumia picha ya slipu, ficha jina lako na namba ya akaunti kwanza.